Kusoma Leseni ya Programu na Kuifupisha kwa Ukurasa Mmoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa anayekabidhiwa leseni ya kurasa 30 siku ya Ijumaa na kuambiwa, "Soma, Jumatatu utuambie kama tusaini." Karibu kila swali limeulizwa na mtu wa kampuni ndogo isiyo na mwanasheria wa kudumu. Mfano utakaorudi mara kwa mara ni mmoja: kampuni ya watu 14 inayotaka programu ya kusimamia stoo na ankara. Ina kampuni tanzu moja, mhasibu wa nje anayekuja mara mbili kwa mwezi, na duka la mtandaoni. Kiasi cha fedha nimekiandika bila jina la sarafu ili uweke ya kwako.

## Kabla ya kufungua kifungu cha kwanza

Nianze kusoma wapi?

Anza na sehemu ya tafsiri ya maneno. Wengi huiruka kwa sababu inaonekana kama kamusi, lakini leseni nyingi huficha mipaka yake humo. Kifungu cha ruhusa chenyewe huwa kifupi na kizuri kusoma: "Mteja anaruhusiwa kutumia Programu kwa Shughuli za Ndani." Maneno matatu yenye herufi kubwa, na kila moja lina ukuta wake mahali pengine. Ukisoma ruhusa bila tafsiri, umesoma nusu ya sentensi.

Mimi huandika pembeni mwa karatasi tafsiri tano tu: Mteja, Mtumiaji, Programu, Shughuli za Ndani na Kampuni Husika. Kisha kila ninapokutana na neno hilo ndani ya mkataba nalibadilisha kichwani kwa maana yake kamili. Kazi inachosha kwa dakika 20 za kwanza, halafu mkataba unaanza kusomeka.

Leseni imekuja na fomu ya oda, kiambatisho na kiungo cha tovuti. Ipi ndiyo leseni?

Zote. Tafuta kifungu kinachosema hati ipi inashinda zikigongana. Mara nyingi fomu ya oda hushinda masharti ya jumla, na hilo ni jema kwako, maana fomu ya oda ndiyo sehemu ambayo kampuni ndogo ina nafasi halisi ya kubadilisha. Ahadi yoyote uliyopewa na muuzaji kwa simu au baruapepe, iombe iandikwe hapo. Kifungu cha "mkataba huu ndio makubaliano yote" kipo karibu kila mahali, na kazi yake ni kufuta ahadi zilizobaki nje.

Masharti yaliyo nyuma ya kiungo hubadilika bila kukuuliza. Siku ya kusaini, hifadhi nakala ya ukurasa huo kama PDF yenye tarehe. Kisha angalia kama mkataba unamruhusu mwenye programu kuyabadilisha katikati ya kipindi ulichokwisha kulipia. Kama unamruhusu, omba mabadiliko yaanze tu mkataba utakapohuishwa.

Naweza kutafuta maneno kwa kompyuta badala ya kusoma yote?

Kutafuta hakuchukui nafasi ya kusoma, ila kunaonyesha mambo yaliyotawanywa. Kama leseni ni PDF ya Kiingereza, igeuze kuwa maandishi kisha utafute:

```
pdftotext -layout leseni.pdf leseni.txt
grep -n -i -E "affiliate|sublicen|terminat|suspen|renew|audit" leseni.txt
```

Neno la nne katika orodha hiyo ni lile la kufungia huduma, `suspen`, nalo ndilo husahaulika zaidi. Nimekata `sublicen` hapo makusudi, kwa kuwa Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani hutofautiana katika herufi inayofuata. Amri hii inasoma mstari kwa mstari, kwa hiyo neno lililokatwa mwishoni mwa mstari litaikwepa. Na PDF ambayo ni picha tu ya karatasi haitatoa chochote. Ukipata sifuri, usifikiri kifungu hakipo.

## Upeo wa matumizi

"Mteja" ni kampuni yetu, sivyo?

Ni kampuni iliyotajwa kwenye fomu ya oda, na mara nyingi hiyo peke yake. Katika mfano wetu, wafanyakazi wawili wa kampuni tanzu wanaingiza mzigo stoo kila asubuhi. Kama tafsiri ya Mteja haitaji kampuni tanzu, hao wawili ni watu wa nje, hata kama mmiliki ni mmoja na ofisi ni moja.

Mhasibu wa nje naye ana swali lake. Leseni nyingi humtaja Mtumiaji kuwa "mwajiriwa wa Mteja". Mhasibu anayetoa ankara yake mwenyewe si mwajiriwa. Omba maneno "waajiriwa na wakandarasi wa Mteja na wa kampuni zake tanzu, wakifanya kazi kwa manufaa ya Mteja". Mabadiliko haya hukubaliwa kwa urahisi kabla ya kusaini. Baada ya kusaini huwa bidhaa ya kununua.

Watumiaji wanahesabiwaje?

Kuna namna tatu unazokutana nazo sana. Ya kwanza ni mtumiaji mwenye jina: kila mtu ana nafasi yake, awe ameingia leo au hajaingia mwezi mzima. Ya pili ni watumiaji kwa wakati mmoja: watu 14 wanaweza kugawana nafasi 5 ikiwa hawaingii pamoja zaidi ya 5. Ya tatu ni idadi ya wafanyakazi wote, wanaoitumia na wasioitumia. Oracle ilianza kuuza usajili wa Java SE kwa hesabu ya namna hii Januari 2023, na wakandarasi wanaosaidia shughuli za ndani nao huhesabiwa.

Kwa kampuni yenye zamu, tofauti ya namna ya kwanza na ya pili ni kubwa kuliko punguzo lolote la bei. Uliza pia kama nafasi ya aliyeacha kazi inaweza kuhamishiwa aliyemrithi, na mara ngapi. Kuazimana nywila ili kuokoa nafasi ni ukiukwaji unaoonekana wazi kwenye kumbukumbu za seva: akaunti moja, kompyuta tatu, dakika zile zile.

Duka letu la mtandaoni linachota idadi ya bidhaa kutoka kwenye programu. Je, hayo ni "matumizi"?

Hili ndilo swali ambalo ningetaka kila kampuni ndogo iliulize kabla ya jingine lolote. Leseni nyingi hutafsiri kutumia kuwa ni kuifikia programu "moja kwa moja au kwa njia nyingine". Neno "kwa njia nyingine" linaweza kumfanya kila mteja wa duka lako kuwa mtumiaji.

Februari 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya SAP, watengenezaji wa programu za biashara, dhidi ya Diageo, kampuni ya vinywaji. Diageo walikuwa na leseni ya SAP, kisha wakajenga mifumo miwili kwenye jukwaa la Salesforce, mmoja kwa ajili ya wauzaji wao na mwingine kwa ajili ya wateja kuweka oda. Mifumo hiyo ilizungumza na SAP kwa nyuma. Mkataba ulihesabu ada kwa watumiaji wenye majina, na mahakama ikaona kuwa wauzaji na wateja hao walikuwa wakiitumia SAP kupitia mlango wa nyuma, na kwamba ada zaidi ilistahili. SAP walikuwa wamedai zaidi ya pauni milioni 54. Kiasi cha kulipwa hakikuamuliwa katika hukumu hiyo.

Wewe huna mamilioni hayo, ila kifungu ni kile kile. Katika mfano wetu, duka linaingia kwa akaunti moja ya mfumo kila baada ya dakika 10 kusoma idadi iliyobaki. Sentensi ya kuomba kwenye fomu ya oda ni hii: "Mifumo ya Mteja inayosoma au kuandika data kupitia kiunganishi cha Programu haihitaji leseni ya ziada, na wateja wa mwisho wa mifumo hiyo si Watumiaji." Mwenye programu akikataa, angalau ameshakujulisha bei yake kabla ya kusaini.

"Shughuli za ndani" zinaishia wapi?

Zinaishia pale unapoanza kumfanyia kazi mtu mwingine kwa programu hiyo. Kutoa ankara zako ni shughuli ya ndani. Kumtolea ankara rafiki mwenye duka jirani kwa malipo ni kuendesha huduma kwa ajili ya watu wengine, na karibu kila leseni ya kibiashara hukataza hilo kwa jina. Ikiwa kampuni yako ni ya uhasibu au ushauri na kazi yenyewe ni kuwahudumia wateja, leseni ya kawaida ya shughuli za ndani haikufai kabisa. Omba ya watoa huduma.

## Ada

Bei iko kwenye fomu ya oda. Kwa nini nisome zaidi?

Kwa sababu fomu inaonyesha mwaka wa kwanza. Tuseme nafasi moja ni 100 kwa mwezi na mmenunua 12. Mwaka wa kwanza ni 14,400. Kifungu cha ada kinaruhusu nyongeza ya hadi asilimia 7 kila mkataba unapohuishwa, kwa hiyo mwaka wa pili unaweza kufika 15,408 na wa tatu karibu 16,487. Jumla ya miaka mitatu ni 46,295 hivi, si 43,200. Andika jumla hiyo kwenye muhtasari, maana ndiyo inayolinganishwa na programu shindani.

Kama hakuna asilimia yoyote iliyoandikwa, usishangilie. Mara nyingi maana yake ni kwamba bei ya kuhuisha itakuwa ya orodha ya siku hiyo, bila punguzo ulilopewa mwanzoni.

Tukizidisha idadi ya watumiaji bila kujua?

Tafuta kifungu cha ukaguzi, halafu kisome pamoja na cha bei ya nafasi za ziada. Katika mfano wetu, kampuni iliongeza watu watatu na ikakaa miezi sita bila kutoa taarifa. Wangenunua mapema kwa 100, wangelipa 1,800. Lakini mkataba unasema nafasi zilizozidi hulipwa kwa bei ya orodha, ambayo ni 150, tangu siku zilipoanza kutumika. Ankara inakuja 2,700. Baadhi ya mikataba huongeza gharama ya ukaguzi wenyewe iwapo ziada inapita kiwango fulani, mara nyingi asilimia 5. Kampuni yenye nafasi 12 inavuka asilimia 5 kwa mtu mmoja tu. Kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya kampuni kubwa, na ndogo ina haki ya kusema hivyo mezani.

Omba mambo mawili: ukaguzi usizidi mara moja kwa mwaka kwa notisi ya siku 30, na ziada ilipwe kwa bei ya mkataba ikiwa mmeirekebisha ndani ya siku 30 baada ya kujulishwa.

Kodi ya zuio inaingiaje?

Ukimlipa mwenye programu aliye nchi nyingine, sheria ya kwenu inaweza kukutaka uzuie sehemu ya malipo. Sasa angalia kama mkataba unasema malipo yafike kamili bila makato. Kama ndivyo, mzigo wa kodi umehamia kwako. Kiwango kikiwa asilimia 10, ili afikiwe na 100 lazima hesabu ianze na 111.11. Kwa ada ya 14,400 hiyo ni 1,600 zaidi kwa mwaka ambayo haimo kwenye fomu ya oda. Muulize mhasibu kabla ya kusaini, na uombe angalau neno kwamba hati ya makato ya kodi itapokelewa kama sehemu ya malipo.

## Leseni ndogo na kuhamisha haki

Leseni ndogo ni nini, na inatofautianaje na kumpa mtu akaunti?

Leseni ndogo ni ruhusa unayoitoa wewe, kwa jina lako, kutoka kwenye ruhusa uliyopewa. Anayepokea anakuwa na haki yake, lakini haiwezi kupita yako. Yako ikifa, kwa kawaida na yake inakufa. Kumpa mkandarasi akaunti ni jambo jingine: yeye anatumia haki yako, kwa kazi yako. Ndiyo maana mkataba unaweza kukataza leseni ndogo kabisa na bado mhasibu wa nje akaruhusiwa, ikiwa tafsiri ya Mtumiaji inamhusisha (rejea swali la "Mteja").

Kampuni nyingi ndogo hazihitaji haki ya leseni ndogo. Zinazoihitaji ni zile zinazofunga programu ya mtu ndani ya bidhaa yao na kuiuza. Kwao, mambo ya kuandika kwenye muhtasari ni haya: nani anaweza kupewa, kwa masharti gani ya chini, nani anabeba kosa la aliyepewa, na nini kinawapata wateja wenu mkataba mkuu ukivunjika. La mwisho ndilo la kupigania. Bila sentensi inayosema leseni za wateja wa mwisho zitaendelea hadi kipindi chao kiishe, ugomvi wenu wa ankara moja unaweza kuzima bidhaa mikononi mwa watu waliolipa.

Na programu huria zilizomo ndani?

Zinafuata leseni zao, mara nyingi kwenye faili `LICENSE` au `NOTICE`. Leseni ya MIT inataja wazi haki ya kutoa leseni ndogo. Leseni ya GPL toleo la 3, la mwaka 2007, inaikataza katika kifungu cha 2, kwa kuwa kifungu cha 10 kinampa kila anayepokea nakala leseni yake moja kwa moja kutoka kwa mwenye hakimiliki. Kwa hiyo "hairuhusu leseni ndogo" kwenye GPL haina maana kwamba huwezi kusambaza. Ina maana huwezi kujiweka katikati.

## Kusitisha na kuondoka

Mkataba ni wa miezi 12. Si unaisha wenyewe?

Mara nyingi hauishi. Unajihuisha kwa miezi 12 mingine usipotoa notisi. Wa mfano wetu ulianza 1 Machi, na unataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 60 kabla ya mwisho wa kipindi. Kipindi kinaisha 28 Februari. Rudi nyuma siku 60: siku ya mwisho ya kutoa notisi ni 30 Desemba, ambapo ofisi nyingi zimefungwa. Kifungu cha notisi, kilicho mwisho kabisa wa mkataba, kinasema barua huhesabiwa kuwa imefika siku tano za kazi baada ya kutumwa, na baruapepe haitoshi. Kwa vitendo, tarehe yenu ya kutuma barua ni katikati ya Desemba.

Hili liliwahi kunipata. Nilituma baruapepe ndani ya muda, ikajibiwa kwa adabu kwamba notisi haikuwa halali, na kampuni niliyokuwa naisaidia ikalipia mwaka mzima wa programu iliyokwisha kuacha kuitumia. Tangu siku hiyo naandika kwenye muhtasari tarehe, njia ya kutuma na anwani, si "siku 60" tu.

Nani anaweza kuuvunja kabla ya muda, na kwa sababu gani?

Tenganisha haki tatu. Kuvunja kwa kosa: upande mmoja ukikiuka jambo kubwa na usirekebishe ndani ya siku fulani, mara nyingi 30, mwingine anaondoka. Hakikisha haki hii ni ya pande zote mbili. Kuvunja bila sababu: kama mwenye programu anayo na wewe huna, unaweza kubaki bila mfumo kwa notisi ya mwezi mmoja. Kufungia huduma: hii si kuvunja, na hapo ndipo watu huteleza. Mkataba unaweza kutoa siku 30 za kurekebisha kabla ya kuvunjwa, huku kifungu kingine kikiruhusu akaunti kufungwa siku 10 baada ya ankara kuchelewa. Siku ya 11 stoo yako haionekani, ingawa mkataba ungali hai.

Kwenye ankara yenye ubishi, omba sentensi inayokataza kufungiwa kwa kiasi mnachobishania kwa nia njema, mradi kilichobaki kimelipwa.

Tukiondoka, tunapata nini?

Data na salio. Kwa data, tafuta idadi ya siku za kuichukua baada ya mwisho na muundo wake. "Katika muundo atakaoamua mwenye programu" kunaweza kumaanisha PDF 4,000 za ankara; taja CSV au mwingine unaosomeka na kompyuta. Kwa salio: mwenye programu akikosea nanyi mkavunja mwishoni mwa mwezi wa tano, miezi saba mliyolipia mbele ni 8,400. Kurudishiwa lazima kuandikwe. Mkataba ukisema ada zote hazirudishwi bila kutaja hali ya kipekee, fedha hizo zimekwenda.

## Kuandika muhtasari

Muhtasari mzuri unafananaje?

Ukurasa mmoja, kila jibu na namba ya kifungu ili mkurugenzi aweze kuthibitisha. Wa mfano wetu, sehemu ya kwanza, unasomeka hivi:

"Wanaoruhusiwa: waajiriwa wetu 12 kwa majina (1.4, 2.1). Kampuni tanzu na mhasibu HAWAMO, tumeomba waongezwe. Duka la mtandaoni: mkataba unasema 'kwa njia nyingine' (1.9), tusisaini bila ufafanuzi. Gharama ya miaka mitatu: hadi 46,295 bila kodi (5.3). Leseni ndogo: hakuna, hatuihitaji (2.4). Notisi ya kutohuisha: kwa barua, ifike si baada ya 30 Desemba (9.2, 14.1)."

Ona kwamba kila mstari unamwambia msomaji afanye nini. "Kuna vikwazo vya matumizi" si muhtasari, ni hofu. Na pale ambapo mkataba umenyamaza, andika "mkataba haujasema", usijaze kwa unachodhani ni kawaida.

## Hali zisizo za kawaida

Mfanyakazi alibofya "nakubali" bila ruhusa. Tumefungwa?

Chukulia kuwa ndiyo hadi mwanasheria aseme vinginevyo. Hifadhi nakala ya masharti ya siku hiyo, kisha angalia kama kuna mkataba uliosainiwa na unaosema ndio unaoshinda masharti ya kubofya.

Tumegundua tumeshakiuka. Tuseme?

Rekebisha kwanza, weka ushahidi wa tarehe, kisha soma kifungu cha kurekebisha kosa. GPL toleo la 3, kwa mfano, humrudishia haki kabisa mkosaji wa mara ya kwanza akirekebisha ndani ya siku 30 baada ya kupokea notisi. Toleo la 2, la 1991, halina nafasi hiyo. Haki hukoma pale pale. Kwa leseni ya kulipia, mpe mwanasheria mkataba kabla ya kuandika barua ya kukiri, maana barua hiyo ndiyo itakayotumika kupiga hesabu ya ziada.

Kampuni ikiuzwa, leseni inaenda na mnunuzi?

Inategemea maneno mawili tofauti. Kuhamisha mkataba hukatazwa mara nyingi bila idhini ya maandishi. Lakini hisa zikiuzwa, Mteja kisheria ni yule yule, na hakuna kilichohamishwa, isipokuwa mkataba unapotaja mabadiliko ya umiliki kuwa sawa na kuhamisha. Yatafute maneno hayo chini ya kifungu cha kuhamisha, na pia chini ya kifungu cha kuvunja, kwa kuwa huko huwekwa kama sababu ya mwenye programu kuondoka. Omba idhini isizuiliwe bila sababu ya msingi, na upate siku 90 za kuendelea kutumia hata akikataa.